UZI: Kesi ya Elvira del Campo, Toledo 1567. Inkwizisheni ilivyoendesha kesi, hatua kwa hatua

Msomanyaraka
Wakuu, kila Inkwizisheni, ile mahakama ya kuwasaka wazushi, inapotajwa humu watu hurukia kwenye moto. Naomba safari hii tufuate kesi moja tangu kukamatwa hadi hukumu, maana makosa mengi tunayoyarudia yanatokana na kutojua utaratibu wenyewe.

Elvira del Campo alikuwa mke wa karani wa mji wa Madridejos, karibu na Toledo. Ukoo wake ulikuwa wa wakonverso, yaani Wayahudi waliobatizwa. Alikamatwa Julai 1567. Mashahidi wakuu walikuwa wanaume wawili walioajiriwa na mumewe, wakiishi mle mle nyumbani. Walisema mambo mawili: mama huyu hali nyama ya nguruwe, na Jumamosi hubadili nguo, anavaa safi. Hakuna aliyesema amemsikia akisali Kiyahudi, wala kumtukana Kristo. Wengine walimshuhudia kuwa mkarimu, anayehudhuria misa na kuungama.

Alikuwa mjamzito, akajifungua akiwa kifungoni, kesi ikasimama miezi kadhaa. Ilipoanza tena, utaratibu ulikuwa huu.

Mtuhumiwa haambiwi kosa lake. Anaulizwa kama anajua au anahisi kwa nini ameletwa, kisha anaonywa mara tatu, kwa siku tofauti, aichunguze dhamiri yake na kusema ukweli. Hapo tayari wengi walikuwa wanaungama mambo ambayo mahakama haikuwa nayo kabisa. Baada ya onyo la tatu mwendesha mashtaka anasoma hati ya mashtaka, na mtuhumiwa anajibu kifungu kwa kifungu papo hapo. Ndipo anapewa wakili, ambaye ni mtu wa mahakama ile ile na kazi yake ya kwanza ni kumhimiza aungame. Baadaye anasomewa ushahidi, ila majina, mahali na nyakati vimeondolewa ili asiwatambue waliomshtaki.

Akishasomewa, ana njia mbili za kujitetea. Anaweza kuleta watu wa kumsifia mwenendo, au anaweza kuorodhesha maadui zake na sababu ya uadui. Jina la shahidi likiwemo kwenye orodha na uadui ukathibitika, ushahidi wake unapungua nguvu au unatupwa. Kwa hiyo mtu alikaa gizani akijiuliza nani anamchukia: jirani waliyegombania mpaka, mtumishi aliyemfukuza, shemeji wa urithi. Akimsahau mmoja tu, na ndiye huyo, amekwisha.

Elvira alikiri kwamba hali nguruwe. Alisema nyama ile inamdhuru. Kuhusu nguo alisema ni usafi tu. Mahakama ikaona ushahidi upo lakini hautoshi, na nia haijulikani. Ikapiga kura ateswe.

Nyamwaga
Mkuu, hapo kwenye mateso usitupitishe haraka. Najua walikuwa na yule sanamu wa chuma mwenye misumari ndani, mtu anafungiwa humo. Nimeona picha zake nyingi.

Msomanyaraka
Ndugu yangu, kile kitu hakikuwa cha Inkwizisheni. Simulizi lake lilitungwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, na yale masanduku ya makumbusho yaliunganishwa baadaye. Vifaa vya mahakama ya Hispania vilikuwa vichache na duni, vilevile vilivyotumiwa na mahakama za kawaida za Ulaya: kapi la kumning'iniza mtu kwa mikono iliyofungwa nyuma, kamba za kusokota mikono na miguu juu ya kitanda cha mbao walichokiita potro, na maji yanayomiminwa juu ya kitambaa kilichosukumwa kooni.

Tunajua yaliyompata Elvira tarehe 6 Aprili 1568 kwa sababu karani alikuwa ameketi chumbani, anaandika kila neno na kila mlio. Walimfunga mikono wakaanza kusokota kamba. Anaambiwa aseme ukweli. Anajibu kwamba amefanya yote waliyosema mashahidi. Anaulizwa: yapi? Hajui, kwa kuwa hajaambiwa. Anawasihi wamweleze anachotakiwa kusema ili akiseme. Wanamjibu aseme ukweli. Karani anahesabu mizunguko mpaka 16, kamba inakatika. Wakamlaza kwenye potro, wakaendelea kwa kamba, kisha maji.

Hilo ndilo naomba kila mtu alitazame kwa makini. Mahakimu walikataa kumwambia cha kuungama kwa sababu sheria yao ilitaka ungamo liwe na maelezo ambayo mtuhumiwa mwenyewe ameyatoa. Walidhani hivyo wanajikinga na ungamo la uongo. Matokeo yake ni mwanamke anayebahatisha jibu huku kamba inakaza.

Siku hiyo mateso yakasimamishwa. Tilia maanani neno hilo. Kanuni ilisema mtu ateswe mara moja tu, kwa hiyo hawakuandika "yamekwisha", waliandika "yamesimamishwa", ili siku nyingine iwe ni kuendelea na mara ile ile ya kwanza. Siku nne baadaye waliendelea. Safari hii akasema kwamba alipokuwa na miaka 11 mama yake, ambaye alishafariki, alimwambia asile nguruwe na aishike Jumamosi, na kwamba alijua ni mambo ya sheria ya Wayahudi. Hapo wakawa wamelipata walilolitafuta: nia.

Dada Felista
Asante Msomanyaraka, umeeleza vizuri. Ila naomba haki itendeke pande zote. Kanisa halikumuua mtu hata mmoja. Mahakama ilitoa hukumu ya kiimani, na aliyeshindikana alikabidhiwa serikali. Serikali ndiyo iliyochoma. Hili wengi hawalijui na wanalitupia Kanisa lawama zote.

Mwanasheria wa Kilosa
Dada Felista, kwa mujibu wa karatasi uko sahihi. Hati ya kumkabidhi mtu ilikuwa na maneno ya kuiomba serikali imhurumie, asimwage damu. Lakini ofisa wa serikali aliyeyachukua maneno yale kama yalivyo na kukataa kuchoma angetengwa na Kanisa na kushtakiwa mwenyewe kama mlinzi wa wazushi. Mahakimu walijua kabisa anayekabidhiwa anakwenda wapi. Kisheria tunasema aliyetoa uamuzi ni yule ambaye mwenzake hana hiari baada yake.

Kwa Hispania hata mpaka wa Kanisa na serikali wenyewe ni mgumu kuuchora. Papa Sisto IV alitoa idhini mwaka 1478, lakini aliyeteua mahakimu ni mfalme na malkia, Ferdinandi na Isabela, na juu ya mahakama zote liliketi baraza la kifalme. Papa huyo huyo mwaka 1482 alilalamika kwa maandishi kuhusu watu kufungwa bila ushahidi halali, mfalme akamjibu kwa ukali, na Papa akarudi nyuma. Kwa hiyo kusema "ni Kanisa" peke yake ni kosa, na kusema "ni serikali" peke yake ni kosa vilevile.

Dada Felista
Hilo la ofisa kutengwa sikulijua. Nakubali. Lakini idadi je? Wanasema mamilioni.

Msomanyaraka
Mamilioni hayapo. Hesabu iliyotamba karne ya 19 ilikuwa ya Llorente, aliyewahi kuwa katibu wa Inkwizisheni mwenyewe, naye alitaja karibu 32,000 waliochomwa. Hakuhesabu kesi moja moja, alikadiria kwa kuzidisha, na hesabu yake imeporomoka.

Wanahistoria Contreras na Henningsen walifanya kazi ya namna nyingine. Kila mahakama ililazimika kupeleka Madrid muhtasari wa kesi zake za mwaka. Wakaikusanya mihtasari ya 1540 hadi 1700 wakapata kesi 44,674. Waliouawa humo ni 826, na wengine 778 walichomwa kwa sanamu tu, kwa kuwa walikuwa wametoroka au wamekufa. Yaani waliouawa ni chini ya 2 kwa kila 100.

Lakini hesabu hii ina mipaka, na watetezi wa Inkwizisheni huiacha mipaka wakachukua namba. Inaanza 1540. Miaka ya damu nyingi ni ya mwanzo, tangu hukumu za kwanza za Sevilla mwaka 1481 hadi karibu 1530, na walengwa wakati huo walikuwa hasa wakonverso. Tena haiwahesabu waliofia gerezani kabla ya hukumu. Ukijumlisha vipindi vyote, makadirio mengi ya leo yanaangukia kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa miaka 350 na ushee.

Mvita Kuu
Mimi naona mnazunguka. Suala ni Waislamu. Inkwizisheni iliundwa kuwaua Waislamu na Wayahudi kwa kuwa si Wakristo, basi. Na sisi pwani ilitufikia, maana Sultani wetu Yusuf bin Hasan wa Mombasa nusura apelekwe kwenye mahakama hiyo hiyo ya Hispania.

Msomanyaraka
Ndugu Mvita Kuu, umeleta mfano mzuri kuliko unavyodhani, ila unathibitisha kinyume. Mahakama hizi zilidai mamlaka juu ya waliobatizwa. Myahudi asiyebatizwa wa Hispania hakuburutwa mbele ya Inkwizisheni kwa kuwa Myahudi, yeye alifukuzwa nchini kwa amri ya kifalme ya 1492. Waislamu wa Granada walilazimishwa ubatizo kuanzia 1500, wale wa Valencia na Aragoni miaka ya 1520, na wakishabatizwa, kufunga Ramadhani kukawa uzushi wa Mkristo. Ubatizo wa kulazimishwa ndio uliofungua mlango wa mahakama. Hatimaye kati ya 1609 na 1614 wajukuu zao nao wakafukuzwa.

Sasa Yusuf. Alichukuliwa mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala. Goa ilikuwa na mahakama yake tangu 1560, nayo ni ya Wareno, si ya Hispania, ingawa wakati ule mfalme alikuwa mmoja. Mamlaka yake yalifika kwa Wareno wote mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, pwani yetu ikiwemo. Masimulizi ya wakati ule yanasema alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kamanda wa Kireno akapanga kumpeleka Goa kujibu mashtaka. Agosti 1631 Yusuf akamtangulia, akamuua kamanda na kuiteka Ngome ya Yesu. Waislamu wengine wa Mvita walisali kila siku, hakuna aliyewapeleka Goa kwa hilo. Yeye alikuwa hatarini kwa sababu ya yale maji ya Goa.

Mvita Kuu
Nimekuelewa kuhusu ubatizo. Lakini Wahindu wa Goa je? Wao walikamatwa bila kubatizwa.

Msomanyaraka
Hapo umenishika vizuri. Mahakama ya Goa iliwashtaki pia Wahindu, kwa kuzuia wenzao wasibatizwe au kwa kufanya ibada zilizopigwa marufuku. Kwa hiyo kanuni ya ubatizo ndiyo msingi, ila Goa iliivuka mara nyingi. Nilipaswa kulisema mapema.

Nyamwaga
Na ile ya zama za kati? Ile ya Ufaransa, ya Wakathari, wale walioitwa wazushi. Ni hiyo hiyo iliyohamia Hispania?

Mwanasheria wa Kilosa
Hapana, na huko ndiko wanahistoria wamebadilisha mtazamo sana. Zama za kati hapakuwa na chombo kimoja kiitwacho Inkwizisheni chenye makao makuu na baraza. Kulikuwa na watu, wengi wao Wadominiko, waliopewa na Papa Gregori IX kuanzia miaka ya 1230 jukumu la kuchunguza uzushi katika eneo fulani. Akifa, kazi inaweza kusimama. Neno lenyewe lilitaja namna ya kuendesha kesi: hakimu mwenyewe anaanzisha uchunguzi badala ya kungoja mlalamikaji. Mbinu hiyo ilitoka sheria ya Kirumi na ilitumika hata kwa mapadri walioiba sadaka.

Angalia Toulouse, 1245 na 1246. Wachunguzi wawili, Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, waliita vijiji vizima, wanaume tangu umri wa miaka 14 na wanawake tangu 12, waje Saint-Sernin kuhojiwa mmoja mmoja. Maelezo ya watu zaidi ya 5,000 yamehifadhiwa. Maswali ni yale yale: ulimwona mzushi, wapi, nani mwingine alikuwepo, uliwainamia? Nguvu yao ilikuwa daftari. Jina lako likitajwa na mtu wa kijiji cha pili, miaka kumi baadaye lingali pale. Katika hukumu zao zilizobaki ni watu 207, 23 wakafungwa, waliobaki wakapewa kuvaa misalaba ya njano kifuani na mgongoni. Hakuna aliyechomwa katika hizo. Mateso yaliidhinishwa baadaye, na Papa Inosenti IV, mwaka 1252.

Bibi Shamba
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nyie wote mnapima kwa vifo, nami naona kipimo hicho kinapotosha. Elvira hakuchomwa, sivyo? Basi kwenye hesabu zenu yumo kwenye wale 98 "waliosalimika".

Msomanyaraka
Ni kweli, Bibi, hakuchomwa. Jopo lilipiga kura, mmoja akataka akabidhiwe serikali, waliobaki wakataka apatanishwe na Kanisa. Juni 13, 1568 alisimamishwa hadharani kwenye hafla ya kusoma hukumu. Mali yake ikataifishwa, akapewa kifungo cha miaka mitatu na kuvaa sanbenito, lile vazi la aibu lenye msalaba. Baada ya miezi sita na kitu akaachiliwa.

Bibi Shamba
Basi tuandike vyote. Kapoteza mali. Mikono imesokotwa mara mbili. Amemtaja mama yake marehemu kuwa mzushi. Vazi lile, mtu akimaliza kulivaa, lilitundikwa kanisani kwao likiwa na jina lake, na likichakaa linabadilishwa, vizazi na vizazi. Watoto na wajukuu wa aliyehukumiwa hivyo walizuiwa ofisi nyingi na heshima nyingi. Na akirudia kosa, hata kwa jambo dogo, mara ya pili ni moto karibu bila mjadala. Mahakama yenye adhabu ya namna hii haihitaji kuua wengi.

Na tusisahau jirani. Kila Kwaresima lilisomwa tangazo kanisani likitaja dalili: nani anabadili shuka Ijumaa jioni, nani anaondoa mafuta kwenye nyama. Asiyetaja alichokiona anatengwa na Kanisa. Wale vijana wawili wa nyumbani kwa Elvira huenda walimchukia, huenda waliogopa tu kuitwa waficha uzushi.

Dada Felista
Bibi, hilo la mashahidi kuogopa limenigusa. Ila bado ni kweli kwamba magereza ya wafalme yalikuwa mabaya zaidi, na kwa wachawi Inkwizisheni iliokoa watu.

Msomanyaraka
Kwa wachawi una hoja. Mwaka 1610 Logroño walichoma sita kwa uchawi wa kijiji cha Zugarramurdi. Mmoja wa mahakimu watatu, Alonso de Salazar Frías, alikuwa na shaka. Akatumwa vijijini 1611 akiwa na tangazo la msamaha, akasikiliza watu 1,802, wengi wao watoto. Baadhi yao walipelekwa mmoja mmoja mahali palipodaiwa kuwa pa mikutano ya wachawi wakahojiwa, majibu yakapingana. Yale marhamu yao yalijaribiwa kwa wanyama, hayakudhuru. Akaandika kwamba hapakuwa na wachawi mpaka watu walipoanza kuwazungumzia. Mwaka 1614 baraza kuu lilitoa maelekezo yaliyofanya kesi za namna hiyo ziwe ngumu kufika kwenye moto, wakati Ujerumani waliendelea kuchoma kwa maelfu.

Ila mahakama iliyokuwa na uwezo wa kupima ushahidi hivyo kwa wachawi haikuupima hivyo kwa wakonverso. Salazar aliuliza swali la kwanza: je, jambo lenyewe lilitokea? Kwa Elvira walianza na jibu.

Mwanasheria wa Kilosa
Si sahihi kabisa, mkuu. Kwa Elvira jambo lilikuwa limekubaliwa: hali nguruwe. Kilichobishaniwa ni nia, na nia haina shahidi. Ndiyo maana mfumo ulihitaji ungamo, na mtu aliyekana huku ushahidi ukihesabika kuwa kamili alihesabiwa mkaidi, akachomwa. Anayeungama na kujuta anaishi. Ukishapanga hivyo, ungamo linaonyesha mtu anataka kuishi, halionyeshi alichokiamini.

Nyamwaga
Kwa hiyo mwishowe, alikuwa Myahudi wa siri au hakuwa?

Msomanyaraka
Hapo wanahistoria wamegawanyika tangu karne iliyopita. Baer, na Beinart baada yake, walisoma kesi za namna hii na kuona jamii iliyoendelea kuishika dini ya mababu kwa siri. Netanyahu, yule mwanahistoria Benzion, alisema wakonverso wengi walishakuwa Wakristo wa kweli, na mahakama iliwatengeneza wazushi kwa chuki ya ukoo na siasa. Mimi naegemea katikati: yapo maungamo yaliyotolewa bila mateso, yenye sala zilizonukuliwa neno kwa neno, na hayo nayaamini. La Elvira lina nguruwe, Jumamosi, na mama aliyekufa, yaani kile kile kilichokuwa kwenye maswali.

Bibi Shamba
Mimi sikubali hiyo katikati. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa na mama yake "usile hii" bila maelezo, akaishika maisha yake yote kwa mapenzi ya mama. Akija kuulizwa kwa kamba ni dini gani, atatoa dini. Pengine alisema kweli kuhusu mama, na bado hakuwa Myahudi.

Mwanasheria wa Kilosa
Na ndiyo sababu ile ya kwanza, kwamba nyama inamdhuru, haikufutwa na chochote isipokuwa ungamo lile la kamba.